Msaada: OR 2.33 kwenye dawa za kuacha sigara ni "mara 2.33" ya nini? Na NNT naipataje?

Binti wa Mkolani
Wakuu, shikamooni wakubwa. Nasoma famasia mwaka wa tatu hapa Mwanza. Alhamisi nawasilisha darasani mapitio ya kimfumo ya Cochrane ya mwaka 2023 kuhusu dawa za kuacha sigara. Kwa vareniklini dhidi ya plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, wametoa OR, yaani uwiano wa odi, ya 2.33, mipaka yake 2.02 hadi 2.68. Kwenye slaidi nikaandika: "Anayetumia vareniklini ana uwezekano wa kuacha mara 2.33 ya asiyetumia." Msimamizi kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "mara 2.33 ya NINI?", halafu kaniambia nilete NNT, yaani idadi ya watu wa kutibu ili kumpata mmoja wa ziada anayeacha. Nimegawanya 1 kwa 2.33 nikapata 0.43. Sasa natibu nusu mtu? Naombeni msaada, nimebakiza siku mbili.

Mkeka wa Leo
Dada usihangaike, hiyo ni odi kama za mkeka tu. Ukiweka elfu moja kwenye odi 2.33 unavuna 2,330, basi na dawa inakulipa mara 2.33. Halafu nakumbuka chuoni tuliambiwa jambo likiwa nadra, OR na uwiano wa kawaida wa asilimia vinakaribiana. Kuacha sigara ni nadra, kwa hiyo slaidi yako iko sawa. Msimamizi anakuonea.

Baba Furu
Mimi nimevuta miaka 22, tangu naanza kuvua Igombe. Siku moja nikatupa pakiti ziwani, basi, sijagusa tena. Hizo dawa ni biashara ya wazungu. Anayetaka kuacha anaacha.

Mtakwimu wa Bwiru
Mdogo wangu, msimamizi hakuonei. Mkeka kapatia nusu, na nusu aliyokosea ndiyo itakayokuaibisha Alhamisi.

Kwanza odi ya mkeka iweke pembeni. Ile ni malipo, na dau lako limo ndani yake. Odi ya kwenye mapitio ni waliofaulu ukiwagawa kwa walioshindwa. Tuchukue kliniki ambayo kati ya watu 100 waliopewa plasebo, 6 wanaacha na 94 wanaendelea kuvuta. Odi yao ni 6 kwa 94, yaani 0.064. OR inazidisha hiyo odi, haizidishi wale 6. Kwa hiyo 0.064 mara 2.33 ni 0.149. Ili kurudi kwenye watu, gawanya 0.149 kwa 1.149, unapata 0.13. Watu 13 kati ya 100.

Umetoka 6 ukafika 13: watu 7 wa ziada kwa kila 100. NNT ni 100 gawanya kwa hao 7, unapata 14 na kitu, na kwa desturi tunapandisha juu: 15. Unawatibu watu 15 ili umpate mmoja ambaye bila dawa asingeacha. Ukirudia hesabu hiyo kwa 2.02 unapata NNT 19, kwa 2.68 unapata 12. Andika zote tatu, 15 peke yake inajidai uhakika isiokuwa nao.

Kosa lako la 1 gawanya kwa OR linatokana na kudhani NNT imefichwa ndani ya OR. Haimo. NNT inatoka kwenye tofauti ya watu, na tofauti huipati mpaka ujue wangapi wanaacha bila dawa.

Mkeka wa Leo
Lakini mkuu, 6 mara 2.33 ni 14. Wewe umepata 13. Si ndiyo nilichosema, vinakaribiana?

Mtakwimu wa Bwiru
Hapo chini vinakaribiana, sikatai. Sasa panda. Chukua kundi lenye ushauri nasaha mzito ambapo 30 kati ya 100 wanaacha hata kwa plasebo. Kwa njia yako, 30 mara 2.33 ni 70. Kwa njia sahihi, odi ni 30 kwa 70, ukizidisha inafika karibu 1, yaani nusu kwa nusu: watu 50. Umeongeza watu 20 hewa. Kwa 45 kati ya 100 njia yako inatoa watu 105 walioacha kati ya 100. Hapo utawatoa wapi hao watano, Ukerewe?

Na Baba Furu, heshima yako mzee. Wewe ndiye mmoja wa wale 6. Wapo siku zote na jaribio linawahesabu, ndiyo kazi ya kundi la plasebo. Swali ni la wale 94.

Mama Dagaa
Samahani nawaingilia. Kaka yangu gongo imemshinda kabisa. Hizo dawa za kuacha naweza kuzipata wapi hapa mjini?

Nesi wa Zamu
Mama Dagaa, uzi huu ni wa sigara, na takwimu zake haziendi kwenye pombe. Mpeleke kaka hospitali akaonwe, na asikatishwe ghafla nyumbani kama anakunywa kila siku, kuna wanaopata degedege.

Binti, mimi naongeza jambo moja: angalia NNT ni ya lini. Jaribio la EAGLES lililotoka 2016, watu zaidi ya 8,000. Wiki ya 9 hadi 12, walioacha kwa vareniklini ni asilimia 33.5, kwa plasebo 12.5. Tofauti 21, NNT 5. Wiki ya 9 hadi 24, watu wale wale, ni 21.8 kwa 9.4. Tofauti 12.4, NNT inakuwa 8 na ushee. Dawa yenyewe ilitolewa wiki 12. Akija mtu na NNT nzuri kupita kiasi, muulize alipima baada ya muda gani. Wenzetu wa Cochrane wanataka angalau miezi 6.

Binti wa Mkolani
Asanteni sana. Nimerudia mwenyewe kwa 15 kati ya 100: odi 0.176, mara 2.33 ni 0.411, nikirudi napata 29. Tofauti 14, NNT 8. Na kwa wale 30 tofauti ni 20, NNT 5. Kwa hiyo OR ile ile inatoa NNT 15, 8 au 5? Sasa kwa wavuvi wetu niandike ipi?

Mtakwimu wa Bwiru
Sahihi kabisa. Kwa wavuvi, mimi ningeanza na 6. Ushauri nasaha wa kila wiki kama wa kwenye majaribio hawapati.

Nesi wa Zamu
Mimi naona hata 6 ni nyingi. Kwenye majaribio haya, asiyerudi kupimwa anahesabiwa bado anavuta. Mvuvi wa dagaa mwezi huu yuko Kome, mwezi ujao Ukara. Nusu yao utawaandika wavutaji kwa sababu tu wamehama kambi, makundi yote mawili yatashuka, na NNT itapaa bila dawa kubadilika.

Mtakwimu wa Bwiru
Hiyo ni hoja ya ufuatiliaji, si ya ugumu wa kuacha. Vitu viwili tofauti.

Nesi wa Zamu
Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye daftari la kliniki naviona kama kimoja. Na bado kuna kile kipimo cha kaboni monoksaidi kwenye pumzi: mama anayekausha sangara kwa moshi kutwa nzima utamwambia anavuta?

Baba Furu
Mke wangu anakausha samaki na hajawahi kuvuta. Hicho kipimo kikoje?

Binti wa Mkolani
Slaidi nimebadilisha: "odi mara 2.33, kama 6 kati ya 100 huacha bila dawa, NNT 15 (12 hadi 19)." Nimeongeza safu ya 15 na ya 30 chini yake. La moshi wa samaki nalibeba kwa msimamizi kesho asubuhi.