Pampu ya kuongeza uume: lini ni ya kukimbilia hospitali?

Wakuu, naomba ushauri. Kijana kanunua pampu mtandaoni, haina vali ya kupunguza mvuto. Pete ya mpira inayobana shina la uume kaiacha saa nzima, wakati mwisho ni dakika 30. Sasa ngozi imevimba maji na ina vidoa vyekundu, yaani vimishipa vimepasuka. Hana ganzi, anakojoa vizuri. Nimemwambia aache kabisa, kwani pampu huvuta damu tu; uume hujaa kwa muda, kisha hurudi saizi yake.

Mimi ningemkimbiza hospitali akiona ganzi, ngozi kuwa nyeusi au baridi, kushindwa kukojoa, au uume kusimama zaidi ya masaa 4. Kuna dalili nimeiacha? Na uvimbe huu asubiri siku ngapi?