Nimelipishwa nauli ya boti kwa mzigo wa Mkuranga! Mfumo wao unabandika herufi za Dar kwenye kila msimbo

Mfugaji_Mkuranga

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo naliweka hadharani.

Nafuga kuku Mkuranga. Niliagiza chanjo ya kideri kutoka duka moja Kariakoo, mzigo ukachukuliwa na kampuni ya usafirishaji ambayo siitaji. Fomu yao ya mtandaoni haiulizi mtaa wala mji. Inataka ule msimbo mfupi wenye alama ya kujumlisha, unaouona kwenye ramani ya Google ukibonyeza mahali ulipo. Wangu ramani iliuandika `V6J3+PR Mkuranga`. Nikataka kuujaza hivyohivyo na jina la mji, ila kisanduku chao kinapokea alama 8 tu, kikalikata neno. Ikabaki `V6J3+PR`.

Chanjo hiyo inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kesho yake saa nane mchana napigiwa simu na kijana ananiambia, "Shikamoo mzee, nipo huku Bububu, nyumba yako ni ipi?" Bububu ya Unguja! Mzigo ulikuwa umeshapandishwa boti na kushushwa. Uliponirudia siku mbili baadaye barafu ilikuwa maji ya vuguvugu, chupa zote nikazifukia. Na bili ikaja na nauli ya Zanzibar juu yake.

Huduma kwa wateja wananiambia: "Msimbo uliotupa ndio uliotupeleka huko." Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu si kweli, na nitawaonyesha kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia kwa kalamu.

Msimbo mzima una herufi na tarakimu 10, na zinakwenda mbili mbili: ya kwanza ya latitudo, ya pili ya longitudo. Alama zinazotumika ni 20 tu, `23456789CFGHJMPQRVWX`, na zinahesabiwa kuanzia sifuri, yaani 2 ni sifuri na X ni 19. Banda langu liko -7.1182, 39.2046. Latitudo unaijumlishia 90 ili isiwe hasi, inakuwa 82.8818. Longitudo unaijumlishia 180, inakuwa 219.2046. Gawanya kila moja kwa 20: ya kwanza inaingia mara 4, ya pili mara 10. Nafasi ya 4 ni `6`, nafasi ya 10 ni `G`. Zimebaki 2.8818 na 19.2046. Chukua digrii nzima, 2 na 19: `4` na `X`. Kwa hiyo mwanzo wangu ni `6G4X`. Masalia unayagawanya kwa 0.05, halafu kwa 0.0025, halafu kwa 0.000125, na hapo ndipo zinapotoka V6, J3 na PR. Msimbo wangu mzima ni `6G4XV6J3+PR`.

Sasa fanyeni hivyohivyo kwa Kariakoo, latitudo -6.82. Ukijumlisha 90 unapata 83.18, ukitoa 80 inabaki 3.18, na nafasi ya 3 ni `5`. Dar ni `6G5X`. Mstari wa digrii 7 kusini unapita kati ya Mbagala na Mkuranga, na ukiuvuka tu, herufi za mwanzo zinabadilika.

Nilichukua `V6J3+PR` nikaibandikia `6G5X` mbele, nikairudisha kuwa koodineti. Ikatoka -6.1181875, 39.2045625. Pwani ya Unguja, upande wa Bububu! Banda langu kwa msimbo sahihi linatoka -7.1181875, 39.2045625. Tazameni baada ya nukta: tarakimu ni zilezile, kilichobadilika ni 7 kuwa 6. Digrii moja kamili, kama kilomita 111 kuelekea kaskazini. Mteja hawezi kukosea namna hiyo kwa bahati mbaya. Kuna mtu ameandika kwenye mfumo wao kwamba kila mteja yuko Dar.

Nataka fedha yangu ya chanjo, nauli ya boti, na kisanduku kinachopokea msimbo mzima.

Postikodi_Kwanza

Pole sana mzee. Lakini kwa nini hukutumia anwani ya makazi? Tangu ile operesheni ya 2022 kabla ya sensa nyumba zina namba, barabara zina vibao, na postikodi ya kata ipo. Jaza postikodi.

Mfugaji_Mkuranga

Ndugu yangu, kibao ninacho mlangoni. Fomu haina pa kukiandika, hilo ndilo lalamiko langu. Na postikodi inaishia kwenye kata, haimfikishi dereva bandani.

Dereva_Pwani

Mimi naendesha kwenye mfumo unaofanana na huo, sisemi kama ni huohuo. Wateja wa Kibaha wote kwetu wanaonekana baharini. Nilidhani ni simu yangu mbovu. Ofisini wakiona nukta iko kwenye maji, wanampigia mteja na kuuliza njia. Tumezoea hivyo, ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Mpimaji_wa_Temeke

@Dereva_Pwani umefumbua jambo kubwa bila kujua. Kibaha iko karibu na longitudo 38.92, kwa hiyo mwanzo wake ni `6G5W`. Ukiibandikia `6G5X` inasogea digrii moja mashariki hadi 39.92, na huko ni Bahari ya Hindi. Kosa ni lilelile la mzee. Tofauti ni kwamba la Kibaha linaangukia kwenye maji, watu wanashtuka na kupiga simu. La Mkuranga linaangukia kwenye nchi kavu yenye nyumba na watu, mfumo unaona sawa, mzigo unapakiwa. Nina hakika ndani ya mfumo wao kuna mstari huu:

```python
full = '6G5X' + code
```

Huo si urudishaji wa msimbo mfupi. Msimbo mfupi ni nusu ya anwani, nusu nyingine ni jina la mji. Ramani haikuandika "Mkuranga" kwa kupamba.

kijana_wa_data

Mbona dawa yake ni rahisi. Wasibandike chochote, waweke koodineti za ofisi yao ya Kariakoo kama mahali pa kuanzia, maktaba ya programu ya misimbo hiyo itatafuta msimbo unaolingana ulio karibu zaidi. Mstari mmoja, tatizo limekwisha. Mzee, hizo hasira ni kubwa kuliko kosa.

Mfugaji_Mkuranga

Kijana, chupa za chanjo hukuzifukia wewe.

Mpimaji_wa_Temeke

@kijana_wa_data nusu uko sahihi. Kwa Mkuranga ingefanya kazi, kutoka Kariakoo ni kama digrii 0.3 kusini. Kibaha nayo ni kama 0.36 magharibi, inapona. Ila unapokata herufi nne za mwanzo, mahali pa kuanzia pasizidi nusu digrii kutoka kwa mteja, na nusu hiyo inapimwa kwa latitudo na longitudo, kila moja peke yake. Ni kama kilomita 55. Mteja wa Chalinze yuko karibu na 38.35, ofisi iko 39.28, tofauti ni 0.93. Maktaba itatafuta ulio karibu na ofisi, itaupata kwenye 39.35, nje ya pwani ya Kunduchi. Haitatoa kosa lolote, kwa sababu jibu hilo kwa hesabu yake ni sahihi.

Kinachotakiwa ni koodineti za mji alioutaja mteja:

```python
from openlocationcode import openlocationcode as olc
full = olc.recoverNearest('V6J3+PR', -7.12, 39.20)
area = olc.decode(full)
print(full, area.latitudeCenter, area.longitudeCenter)
```

Hizo -7.12 na 39.20 ni za mji wa Mkuranga kwa kukadiria, hazihitaji kuwa kamili. Itatoka `6G4XV6J3+PR`. Na mkumbuke `decode` inarudisha kieneo cha takriban mita 14 kwa 14, si nukta. Wanaomuuzia dereva kona ya kieneo badala ya katikati wanampeleka kwa jirani.

Duka_Darajani

Salaam aleikum. Sasa ndiyo nimefahamu yaliyonikuta. Mimi niko mjini Unguja, mfumo wangu unaanzia dukani kwangu. Nilitia msimbo mfupi wa muuzaji wa Kariakoo nikaoneshwa Kaskazini Unguja, baina ya Mkokotoni na Nungwi. Nilimgombeza muuzaji bure. Lakini Unguja mjini na Kariakoo si zote ni `6G5X`? Ilikuwaje?

Mpimaji_wa_Temeke

Zote ni `6G5X`, dada, na ndiyo inavyochanganya. Wewe uko -6.16, Kariakoo iko -6.82. Tofauti ni 0.66, imepita nusu. Ukipanda digrii moja kutoka Kariakoo unafika -5.82, ambayo ni 0.34 tu kutoka dukani kwako, kwa hiyo maktaba ikaiona hiyo ndiyo ya karibu. Kwako wewe kubandika `6G5X` kungefaulu, na "ya karibu" ikafeli. Kwa mzee ni kinyume.

kijana_wa_data

Sawa, nimekubali. Lakini jina la mji nalo lina matatizo yake. Mteja akiandika "Mtoni", ni Mtoni ya Temeke au Mtoni ya Unguja? Mkizigeuza tumerudi palepale.

Mpimaji_wa_Temeke

Hapo sina jibu safi. Mimi hulazimisha msimbo mzima, alama 11 pamoja na ile ya kujumlisha. Wateja hulalamika ni mrefu.

Mama_Vitenge

Samahani naingilia. Mimi nikituma kiungo cha ramani chenye msimbo, kwa mteja kinafunguka bila alama ya kujumlisha, kuna nafasi tupu. Ndilo tatizo hilihili?

Mpimaji_wa_Temeke

Hapana mama, hilo ni jingine. Ndani ya kiungo alama hiyo husomwa kama nafasi. Andika `%2B` mahali pake: `6G4XV6J3%2BPR`.

Mfugaji_Mkuranga

Nashukuru wote, hasa Mpimaji. Leo asubuhi nimewatumia hesabu hizi na mfano wa Kibaha. Wamejibu kwamba wataalamu wao "wanaangalia", na nauli ya boti hairudishwi kwa sababu mzigo kweli ulisafiri kwenda Zanzibar. Nimejaribu tena fomu kwa msimbo mzima. Kisanduku bado kinakata kwenye alama ya 8, na kilichobaki ni `6G4XV6J3`, bila `PR`. Hicho sasa ni kieneo cha karibu mita 275 kwa 275. Dereva akitumwa na hicho atazunguka kwenye mashamba ya mikorosho hadi jioni.

@Dereva_Pwani, kama una picha za skrini za wateja wa Kibaha walioonekana baharini, futa majina na namba zao unitumie. Jumatatu naenda ofisini kwao mwenyewe.