Mrejesho: kimya baada ya usaili wa mwisho, Kigoma

Swali langu lilikuwa: "Nimefanya usaili wa mwisho wa kazi ya utunza ghala hapa Kigoma mjini. Waliahidi jibu Ijumaa, Ijumaa imepita. Nimpigie afisa ajira au nisubiri?"

Ndugu zangu, asanteni sana. Dada aliyeniambia nianze na wadhamini alilenga penyewe. Baada ya usaili wa mwisho, afisa ajira huwatafuta wadhamini uliowaandika kwenye wasifu kabla bosi hajasaini barua ya ajira, na mmoja asipopatikana, faili hukaa mezani bila mtu kukwambia.

Niliwapigia wote watatu. Wawili walishaulizwa. Wa tatu, msimamizi wangu wa zamani, amehamia Kasulu na kubadili laini. Barua pepe aliyotumiwa ilikuwa imelala kwenye kasha la barua taka. Basi sikuuliza "vipi majibu?", maana swali hilo hujibiwa "subiri". Nilituma barua pepe fupi asubuhi, siku ya kazi, yenye jina la nafasi kwenye kichwa:

"Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya mtunza ghala. Namba ya mdhamini wangu wa tatu imebadilika. Mpya ni hii hapa. Naomba pia kujua hatua inayofuata."

Ujumbe wa namna hii humpa afisa kitu cha kufanya. Mdhamini alipigiwa kesho yake, kisha nami nikaitwa. Nimepata, jamani! Ila kibarua changu cha sasa bado sijakiaga, mpaka mkataba usainiwe pande zote mbili.