Supamaketi inataka asilimia 30 yake: siagi yangu ya karanga niiuze kwa shilingi ngapi?

MsagajiDodoma: Natengeneza siagi ya karanga, kopo la gramu 400. Supamaketi moja imekubali kuiweka, ila inataka asilimia 30 yake na haishuki hapo. Gharama zangu kwa kopo ni 4,000, nami nataka nibaki na 1,000. Niwapelekee kwa shilingi ngapi? Na hivi ni halali duka kuchukua kiasi hicho, au serikali ingeweka ukomo?

Juma_Kkoo: Dada, mbona rahisi. 4,000 na 1,000 yako ni 5,000. Ongeza asilimia 30, inakuja 6,500. Wape kwa 5,000, wao wauze 6,500, kila mtu ale chake. Serikali iachwe nje. Waliokuwepo enzi za Tume ya Bei, serikali ikipanga bei za bidhaa, wanakumbuka foleni za sukari.

NilikuwaMnunuzi: Juma, hiyo 6,500 hutaiona kwenye shelfu. Nimekaa ofisi ya manunuzi ya supamaketi miaka kadhaa, naijua hesabu yao. Asilimia 30 haiongezwi juu ya bei wanayonunulia, inatolewa ndani ya bei wanayouzia, VAT ikishaondolewa. Ukiwapa kwa 5,000, hiyo 5,000 ndiyo asilimia 70. Gawa kwa 0.70, unapata 7,143. Zidisha kwa 1.18 ya VAT, kopo linasimama kwenye 8,429. Kati ya 6,500 na 8,429 pana karibu elfu mbili, na wengi hugundua baada ya kusaini.

Ila Dada Msagaji, usianzie kwenye gharama zako. Nenda dukani, usome bei ya kopo la gramu 400 la mshindani ambaye kweli anauza, kisha urudi nyuma.

MsagajiDodoma: Nimeenda leo. Linalotoka sana ni 7,500. La 8,900 lipo, lakini lina vumbi kwenye kifuniko.

NilikuwaMnunuzi: Basi vumbi limeshakujibu. Chukua 7,500, gawa kwa 1.18, ni 6,356. Asilimia 70 yake ni 4,449. Ukitaka kukaa bei moja na huyo anayeuza, hiyo ndiyo bei yako ya kupeleka. Toa 4,000, umebaki na 449, siyo 1,000.

Na hapo hawajaanza makato. Kwenye mkataba tafuta kifungu cha punguzo la mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka, yaani wanakukata asilimia fulani ya mauzo yako nje ya ile 30. Likiwa asilimia 5, ni 222 kwa kila kopo, nusu ya faida imekwenda. Kuna na makopo yanayorudishwa. Siagi ya karanga mafuta yakipanda juu mteja anadhani imeharibika, analiacha, na wewe ndiye unayebebeshwa.

MamaLishe_Moro: Mimi nauza unga wa lishe maduka ya mtaani, naacha mifuko kumi nalipwa ikiisha. Ni bora niendelee hivyo au nitafute supamaketi? Maana kuna mwenye duka kila nikienda ananiambia bado haijaisha.

Juma_Kkoo: Mama, hapa tunaongelea bei. Huyo wako ameshazila hela, hesabu mifuko iliyobaki kwenye shelfu lake.

NilikuwaMnunuzi: Hajatoka nje ya mada sana. Supamaketi nayo inakaa na hela yako siku 30 mpaka 60, na wakati huo karanga za oda inayofuata unazinunua taslimu. Lakini nirudi kwa Msagaji. Hiyo 4,000 umeipataje? Karanga umehesabu kwa bei ya mwezi gani?

MsagajiDodoma: Za mavuno, kilo moja kwa shilingi 4,000. Nikikaanga na kupepeta maganda, kilo moja inabaki kama gramu 870, kwa hiyo kopo linakula gramu 460 mbichi, 1,840. Kopo na kifuniko 700, lebo 150, gesi na kusaga 250, vijana 400, katoni na usafiri 250. Zinazobaki 410 ni pango, vibali na kadhalika.

NilikuwaMnunuzi: Umepima vizuri, wengi huhesabu gramu 400 kwa 400 na kusahau maganda na maji yanayotoka kwenye kikaango. Shida ni bei ya mavuno. Mwisho wa mwaka kilo ikifika 5,000, kopo linaongezeka 460. Faida yako ilikuwa 449. Unauza kwa hasara ya shilingi 11 kabla hawajakukata chochote, na kubadili bei kwao kunataka barua na kusubiri wiki kadhaa. Ama ununue karanga za miezi sita wakati wa mavuno, uzikaushe sawasawa zisije zikaota ukungu, ama bei yako uijenge juu ya wastani wa mwaka.

ThikaHustler: Naongea kutoka Kenya. Hapa swali la ukomo tumelizungumza sana. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ilipiga kampuni inayoendesha Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya, baada ya wasambazaji wawili kulalamika, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Lakini angalieni walicholalamikia. Hawakusema asilimia ya duka ni kubwa. Walilalamikia makato ya punguzo, kudaiwa bidhaa za bure, na kulazimishwa kulipia wafanyakazi wa kupanga bidhaa dukani. Kwangu mimi hapo ndipo sheria inafaa iingie. Kuhusu kulipwa kwa kuchelewa, supamaketi ya Nakumatt ilipoanguka wasambazaji wengi waliachwa na ankara mkononi.

BintiMtaalamu: Mimi nasema ukomo uwekwe, hata asilimia 20. Duka halikukaanga, halikusaga, linachukua 1,907 kwenye kopo ambalo aliyelitengeneza anabaki na 449. Hiyo ni haki gani?

NilikuwaMnunuzi: Kwenye 1,907 wanalipa pango la jengo, umeme, walinzi, wizi, na shelfu ambalo kopo lako linakaa miezi bila kuguswa. Ukiwawekea 20, watazidisha ada za kuingiza bidhaa dukani na punguzo la mwisho wa mwezi. Watakachopoteza mlango wa mbele watakichukua wa nyuma.

BintiMtaalamu: Kwa hiyo mlango wa nyuma ufungwe pia, kama alivyosema wa Thika. Siyo sababu ya kuuacha wa mbele wazi.

MsagajiDodoma: Nikipunguza kopo liwe gramu 250 je?

NilikuwaMnunuzi: Karanga zinapungua, lakini kopo, lebo na mikono ya vijana havipungui kwa kiasi kilekile. Pima kabla hujaamini. Mimi ningewajibu hivi: asilimia 30 nawapa, lakini iwe hiyo tu, imeandikwa. Hakuna punguzo la mwisho wa mwezi, hakuna kurudisha isipokuwa kopo lililovuja, malipo siku 30. Uanze na tawi moja. Wakikataa yote matatu, 449 yako haitoshi.

Juma_Kkoo: Na dukani kwake mwenyewe auze ngapi? Akiuza 6,000 kwa majirani, supamaketi wakijua?

NilikuwaMnunuzi: Watajua. Wapo wanaoweka kifungu cha kukukataza kuuza chini ya bei yao, na wapo wasiojali. Soma wako.

BintiMtaalamu: Kifungu kama hicho nacho ningependa Tume ya Ushindani ikiangalie.

MsagajiDodoma: Mkataba wangu una kurasa tisa. Punguzo la mwisho wa mwaka nimeliona ukurasa wa saba, asilimia 6.