Nimepewa barua ya onyo kwa kuchelewa, kisha nikaambiwa mimi si mfanyakazi

Ndugu wanajamvi, yule bwana mnamjua, hakuna haja ya kumtaja. Leo amenikabidhi barua ya onyo mbele ya ofisi nzima kwa kuwa nilisaini daftari la mahudhurio saa mbili na dakika kumi. Nilipouliza michango yangu ya NSSF iko wapi, akajibu bila kupepesa macho kwamba mimi ni mtoa huduma wa kujitegemea. Barua ya onyo nilikuwa nimeishika mkononi! Natunza hesabu za kampuni yake pekee, kwa kompyuta yake, na hata kupiga chafya ni kwa ruhusa yake. Kila mwezi anakata asilimia 5 ya shilingi 800,000, ananipa 760,000 na kutaka nimshukuru. Barua ya onyo, kwa mtoa huduma!

Mzee wa Gerezani: Binti, punguza jazba. Mkataba uliosaini unasema mtoa huduma, basi yameisha. NSSF unaweza kujiunga kwa hiari.

Mama Salma: Shikamoo mzee. Kujiunga kwa hiari kupo, lakini hakumwondolei mwajiri wajibu wake, na jina lililo kwenye mkataba halimalizi shauri. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa, kama vile kupangiwa saa, kupewa vitendea kazi au kumtumikia mtu mmoja tu. Anayepinga ndiye athibitishe. Barua hiyo itunze, mdogo wangu, maana ni ushahidi alioutia saini mwenyewe.

Sasa tazama fedha. Ungekuwa kwenye orodha ya mishahara, ungechangia NSSF 80,000 naye angeongeza 80,000 zake. Kodi ya mshahara ingekuwa 60,000, nawe ungebaki na 660,000. Hizo 100,000 unazoziona leo si faida, kwa sababu asilimia 5 ni kodi ya awali tu. Kwa mwaka umekatwa 480,000, ilhali kodi ya mtu binafsi kwa 9,600,000, kama huna gharama za kuondoa, ni 936,000. Tofauti utadaiwa wewe.

Mleta uzi: Kumbe nadaiwa 456,000 na bado nina barua ya onyo!

Mzee wa Gerezani: Kifungu hicho ni cha sheria za kazi. TRA nao wanakifuata?

Mama Salma: Sheria ya kodi ina tafsiri yake ya ajira, mzee, kwa hiyo ushindi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, hauwafungi TRA moja kwa moja.

Fundi Tofali: Mnalilia 760,000? Mimi nilijenga ukuta wa shule kwa zana zangu na vijana wangu, nikakatwa asilimia 5. Nami nidai NSSF?

Mama Salma: Wewe una zana, vibarua na wateja wengine, ni mkandarasi kweli. Dai hati ya kodi iliyozuiwa, na uwaandikishe vijana wako.

Fundi Tofali: Hati? Hata nusu ya malipo sijalipwa tangu Januari!

Mzee wa Gerezani: Shule ipi hiyo? Nami wananidai madawati.