Naomba ushauri: kupanga miadi ya saluni pamoja na wateja wanaokuja bila miadi

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Katika saluni yetu kupaka rangi nywele huchukua dakika 30, kisha mteja husubiri dakika 35 ili rangi ishike, na kuosha na kukausha huchukua dakika 40 nyingine. Nilipoandika yote kama miadi moja, mhudumu alikaa bure huku wateja waliokuja bila miadi wakiondoka; tulipowahudumia katika pengo hilo, kunyoa kwa dakika 30 kulipitiliza na rangi ikakaa kichwani kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kumkosa mteja. Je, pengo hilo nilitenge kwa huduma fupi pekee, na nibakize dakika ngapi za akiba kabla ya kuosha?