Naomba ushauri: zamu ya majaribio bila malipo, sasa naitwa tena

Habari zenu wakuu. Nilifanya zamu ya majaribio mgahawani, bila malipo, kwa makubaliano ya mdomo. Saa ya kwanza nilifuatana na mhudumu mzoefu. Baada ya hapo nikaachiwa meza nne peke yangu, kuanzia kuchukua oda hadi kupeleka bili. Hapo kwangu si kupimwa tena, ni kuziba pengo la mtu. Meneja nimemwandikia ujumbe wenye tarehe na saa za zamu, kausoma, kimya. Sasa msimamizi ananiita Jumamosi "kumalizia majaribio", bure tena.

Je, kabla ya kwenda nidai maandishi yenye mshahara na tarehe ya kuanza? Na saa nilizohudumia peke yangu, nizidai sasa au nisubiri jibu la kazi?